Mpira na regulata ya mtungi wa gesi: dalili za hatari, chanzo chake na cha kufanya

Natengeneza majiko ya gesi Dar es Salaam, na kwa wiki sikosi kuitwa mara mbili au tatu na mtu anayesema, "Fundi, jiko langu lina shida." Nikifika, mara nyingi jiko lenyewe ni zima. Shida iko kwenye kile kipande cha mpira kati ya mtungi na jiko, au kwenye regulata iliyokaa juu ya mtungi tangu siku ya kwanza uliponunuliwa. Watu hubadili mtungi kila mwezi au miezi miwili, lakini mpira na regulata havibadiliwi mpaka vinuke.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, jinsi watu wanavyonieleza kwenye simu. Kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Yanahusu mitungi ya nyumbani yenye regulata ya kubana juu na mpira unaokwenda kwenye jiko la mezani au la oveni. Mtungi mdogo wenye jiko juu yake hauna mpira, lakini sehemu ya oringi, kile kimpira cha ndani ya mdomo wa mtungi, iliyo hapa chini inauhusu pia.

Kabla hujagusa chochote

Ukisikia harufu, zima moto wowote ulio karibu, ukiwemo wa jiko la mkaa, halafu funga regulata. Fungua milango na madirisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi darini. Inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati, kwenye kona na kwenye mashimo ya maji machafu. Mlango uliofunguliwa mpaka chini unasaidia kuliko dirisha la juu. Usiwashe taa wala usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili. Feni nayo iache ilivyo.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza inaongezwa makusudi, kwa kiasi cha kukufanya uinuse wakati gesi iliyo hewani ni kama moja ya tano tu ya kiwango kinachoweza kushika moto. Kiwango hicho cha chini ni karibu asilimia 2 ya hewa ya chumba. Kwa hiyo harufu hafifu inakupa nafasi ya kutafuta tatizo. Lakini kama harufu ni kali mpaka inakuwasha puani, au unasikia gesi ikitoa sauti ya "sss", usitafute chochote. Toa watu wote nje, na ukiwa mbali na nyumba piga simu 114 ya Zimamoto. Jambo jingine: pua huizoea harufu. Ukikaa jikoni dakika kumi unaweza kudhani imeisha kumbe ipo palepale. Mwamini anayeingia kutoka nje.

Harufu ipo hata jiko likiwa limezimwa

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa kuliko zote. Kifaa cha kuitafutia kila nyumba inacho: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Changanya kijiko kimoja cha chakula na nusu kikombe cha maji, uchovye sponji au brashi laini. Funga swichi zote za jiko, fungua regulata, kisha paka povu zito sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu uitazame kwa dakika nzima. Tundu dogo halitoi mapovu papo hapo. Linavimbisha povu moja taratibu, kama mtoto anayepuliza puto kwa shida. Anayepima kwa njiti ya kiberiti anatafuta kuungua. Nimeona mikono ya waliofanya hivyo.

Anza na ncha mbili za mpira, pale unapoingia kwenye regulata na pale unapoingia kwenye jiko. Hapa ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Wakati mwingine ni klipu iliyolegea tu, na mzunguko mmoja wa bisibisi unamaliza kazi. Wakati mwingine hakuna klipu kabisa. Mtu kafunga waya au kamba ya mpira wa baiskeli. Waya unakata mpira taratibu, na kamba inalegea. Tafuta klipu ya chuma ya skrubu inayolingana na unene wa mpira, uibane mpaka mpira usizunguke ukiushika kwa mkono. Usiibane mpaka mpira ufinyike na kuumuka pembeni, kwa sababu hapo ndipo ufa mpya unapoanzia.

Klipu ikiwa imebana na povu bado linavimba, mpira wenyewe umechoka nchani. Funga regulata, kunja mpira taratibu karibu na klipu, na uangalie upande wa nje wa mkunjo. Mpira mzima unakunjika na ngozi yake inabaki nyororo. Uliochoka unaonyesha mistari myembamba iliyokatiza mpira kwa upana, kama nyayo zilizopasuka kisigino. Mistari hiyo inatokana na hewa na joto kuukausha mpira pale unapokuwa umevutika muda wote, ndiyo maana huanzia kwenye mkunjo na kwenye ncha.

Wengi wanakata sentimita tano za ncha mbovu na kurudisha mpira uleule. Siwashauri hivyo. Ncha na sehemu ya katikati zina umri mmoja. Nchani ndiko kulikopasuka kwanza kwa sababu ndiko kunakovutwa. Badilisha mpira wote.

Kama ncha ziko salama, paka povu pale regulata inapokalia mdomo wa mtungi. Ndani ya mdomo huo kuna kimpira cha mviringo ambacho mafundi tunakiita oringi. Ndicho kinachoziba gesi isipenye pembeni ya regulata. Kikikauka, kikikatika au kikidondoka, gesi inavuja kila regulata inapokaa hapo. Ishara yake ni hii: ulipobadili mtungi tu, harufu ikaanza, na mtungi wa zamani haukuwa na shida. Zima na utoe regulata, kisha chungulia mdomo wa mtungi kwa mwanga wa mchana. Ukiona oringi imechanika au haipo, usitafute ya kubandika. Wala usifunge regulata kwa nailoni au kitambaa ili ibane. Rudisha mtungi kwa wakala uliponunua na umwonyeshe. Hilo ni tatizo la mtungi wao, si lako. Na kama mdomo unatoa mapovu hata regulata ikiwa imetolewa, valvu ya mtungi haifungi. Rudishia kifuniko chake, utoe mtungi nje mahali pa wazi, mbali na moto na mifereji, ukiwa umesimama wima, na umpigie wakala. Usiubebe kwenye gari lililofungwa vioo.

Kuna wakati pia regulata haikai vizuri kwa sababu si yake. Zipo za mdomo wa milimita 20 na za milimita 22, na kwa macho zinafanana. Ya ukubwa mwingine inaweza kuonekana kama imekaa, lakini inacheza ukiitikisa. Ukibadili kampuni ya gesi, hakikisha na regulata inafuata mdomo wa mtungi mpya. Kulazimisha kwa nyundo, ambako nimekukuta, kunaharibu mdomo na regulata kwa pamoja.

Sehemu ya mwisho ni regulata yenyewe. Juu yake au ubavuni kuna kitundu kidogo, mara nyingine kidogo kuliko kichwa cha sindano. Regulata inapumulia hapo. Ndani kuna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka juu ya springi ili kupunguza nguvu ya gesi. Gesi ndani ya mtungi ina nguvu ya bar kadhaa, kutegemea joto na mchanganyiko wake, na jiko linahitaji bar 0.03 tu. Regulata inapunguza nguvu hiyo zaidi ya mara 100, na kazi yote inabebwa na kiwambo hicho chembamba. Weka tone la povu kwenye kitundu. Likivimba, kiwambo kimetoboka. Hapo hakuna matengenezo ya nyumbani wala ya fundi: regulata haifunguliwi, haizibwi kwa gundi, inatupwa. Ukiziba kitundu, utakuwa umeifanya ishindwe kupunguza nguvu ya gesi.

Na kama sehemu zote hizi ni kavu, bado kuna swichi za jiko. Hiyo ni kazi ya kufungua jiko na kupaka grisi maalumu ya valvu. Muite fundi.

Harufu inakuja jiko likiwa limewaka muda mrefu tu

Hii inawachanganya watu, kwa sababu ukija kupima asubuhi jiko likiwa limepoa, povu halionyeshi kitu.

Nikupe kisa cha nyumba moja ya Tabata. Mama wa pale anaoka keki za kuuza, ana jiko la pleti nne lenye oveni chini. Harufu ilikuwa inakuja Jumamosi mchana tu, siku ya oda nyingi. Alikuwa ameshabadilishiwa regulata mara mbili na mafundi tofauti. Nilipima kwa povu kila kiungo, nikakuta pakavu. Nikamwomba aoke kama kawaida. Baada ya dakika arobaini alizima, tukafungua milango, nikahakikisha hakuna moto popote, kisha nikafungua regulata na kupima tena mara moja. Povu likavimba nyuma ya jiko, kwenye mkunjo ambao mpira ulikuwa umeegemea bati la nyuma la oveni. (Kipimo hiki cha jiko la moto kimuachie fundi. Bati likiwa na moto mwingi na gesi ikivuja, kosa dogo linatosha.)

Mpira wake ulikuwa na miezi kumi na minne tu. Lakini ulikuwa na urefu wa karibu mita tatu, na ziada yote ilikuwa imeviringishwa nyuma ya jiko, kati ya bati na ukuta. Kila Jumamosi ulipikwa pamoja na keki. Nilipoukata na kuupasua kwa urefu, nje palikuwa na mng'ao kidogo tu, lakini ndani palikuwa pameganda na kupasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, sehemu ya urefu wa kiganja. Ukiwa baridi, ufa ulijibana wenyewe. Ukipata joto mpira ulilegea, mkunjo ukavutika na ufa ukafunguka.

Dawa yake haikuwa regulata ya tatu. Niliweka mpira mpya wa mita moja na nusu, nikaupitisha ubavuni mwa jiko badala ya nyuma, nikasogeza jiko mbele kiasi cha mkono kupita kati yake na ukuta. Mtungi tuliuhamishia upande wa pili, mbali na mlango wa oveni.

Kwako angalia mambo matatu kwa macho na kwa mkono. Kwanza, mpira unagusa au kupita nyuma ya oveni? Jiko likiwa limewaka nusu saa, sogeza kiganja karibu na njia ya mpira bila kushika bati. Kama huwezi kukiacha hapo, na mpira hauwezi. Pili, una jiko la mkaa linalowekwa sakafuni jirani na mtungi? Nyumba nyingi zina gesi ya chai na mkaa wa maharage, na jiko la mkaa likiwa hatua moja kutoka kwenye mpira linaukausha kimyakimya, mbali na hatari ya moto wenyewe. Tatu, jua la dirishani: mpira ulio juani kila siku unachakaa mapema upande mmoja, na nyufa utazikuta upande huohuo.

Moto ni mrefu, unaunguruma au unaruka juu ya jiko

Hapa sina orodha ndefu. Kama pleti zote kwa pamoja zimeanza kutoa moto mrefu kuliko kawaida, unaovuma na kujinyanyua kutoka kwenye vitundu, regulata imeshindwa kushusha nguvu ya gesi. Kiwambo kimekakamaa au kiti cha valvu ndani kimeingia uchafu. Funga regulata sasa hivi, usimalizie hata kuchemsha maji. Mpira wa nyumbani haukutengenezwa kubeba nguvu ya mtungi, na klipu huchomoka kabla mpira haujapasuka. Weka regulata mpya kabla ya kuwasha tena.

Chanzo cha pili ni mtu kuweka regulata ya nguvu kubwa, ile yenye mpini wa kuzungusha ambayo wakaanga chipsi wanatumia kwenye majiko makubwa. Hiyo si ya jiko la nyumbani, hata kama muuzaji amesema inaongeza moto.

Kama moto unarukaruka na kutema ndimi za njano mara tu baada ya kuleta mtungi mpya, angalia kama mtungi umelazwa au umeinama. Ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata badala ya mvuke. Mtungi uliojazwa kupita kiasi unaweza kufanya vivyo hivyo hata ukiwa umesimama. Zima, usimamishe, na kama hali inajirudia urudishe kwa wakala.

Pleti moja tu ikitoa moto wa njano na masizi, hilo si suala la mpira wala regulata. Safisha kichwa cha pleti hiyo.

Moto ni dhaifu au unapungua wenyewe

Kwanza mtungi unaisha; upime kwa mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye bati lake. Gesi ikikaribia kuisha harufu pia inaweza kuongezeka kidogo, kwa sababu ile dawa ya harufu inabaki chini, lakini usiitumie kama kisingizio cha kutopima kwa povu.

Kama gesi ipo, tafuta mpira uliokunjika au uliobanwa na mguu wa jiko. Mpira ulioviringishwa ukibanwa hapo hata siku moja tu huwa na kovu la mkunjo, na kovu hilo ndipo utakapopasuka. Ubadilishe.

Kama haukukunjwa, huenda umevimba kwa ndani. Hili hutokea sana kwa mipira isiyo ya gesi: ya maji ya bustani, au ile ya plastiki angavu. Plastiki hiyo inalainishwa kwa mafuta wakati inatengenezwa, na gesi inayakokota mafuta hayo polepole. Mpira unabaki mgumu kama fimbo, na mafuta yale yanakwenda kunata kwenye nozeli za jiko. Mpira wa gesi umeandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi ya kupikia, mara nyingi kwa herufi LPG, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Usio na maandishi, usiununue.

Hakuna harufu, lakini mpira unaonekana vibaya

Mpira unaonata mkononi, uliovimba kama nyoka aliyemeza panya, au unaotoa sauti ya kukatika ukiukunja, unabadilishwa leo. Alama za meno ya panya zinahesabiwa kama ufa hata kama hazijapenya. Kuna mipira yenye wavu wa chuma nje kwa ajili ya panya. Ni mizuri, lakini wavu unaficha nyufa, hivyo hiyo ibadilishe kwa tarehe bila kusubiri dalili.

Kwa tarehe, mimi hubadili mpira kila baada ya miaka miwili au mitatu katika jiko linalotumika kila siku, na sikubali kuuacha upite miaka mitano hata ukionekana mzuri. Hesabu inaanza mwaka ulioandikwa kwenye mpira, si siku ulipoununua, kwa sababu unazeeka hata ukiwa umening'inia juani mbele ya duka. Regulata naipa miaka kumi kwa ukomo, na huku pwani mara nyingi naitoa mapema, kwani chumvi ya hewani inatafuna springi na kufuli yake.

Ukibadilisha mpira mwenyewe

Toa regulata kwenye mtungi kabisa, isiwe imezimwa tu. Kata mpira mpya kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, urefu wa kutosha kufika bila kuvutika wala kuviringika. Mita moja na nusu inatosha jikoni nyingi. Vaa klipu zote mbili kwenye mpira kwanza. Ncha ikikataa kuingia, ichovye kwenye maji ya moto kwa dakika moja, uikaushe na uisukume mpaka ipite mabega yote ya bomba. Usipake mafuta ya kula wala grisi, yanaozesha mpira. Bana klipu, rudisha regulata, pima kwa povu sehemu zote.

Kama bomba la jiko lina kutu, limepinda, au povu linavimba tena baada ya kubana mara mbili, simama hapo na umwite fundi. Kama limekaa kavu, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye mpira, na baada ya siku tatu bana klipu robo mzunguko tena na upake povu mara nyingine. Mpira mpya hujikalia siku hizo za kwanza, na klipu iliyokuwa imebana Jumatatu unaweza kuikuta imelegea Alhamisi.